Bibi aliyeambiwa presha imeshuka

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa uuguzi. Ameuliza swali fupi: "Kaka, haipatensheni kwa Kiswahili chepesi namwambiaje mgonjwa? Nikisema shinikizo la damu wananiangalia tu." Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja, halafu nikamkumbuka bibi mmoja, ikawa ndefu. Nimeona niiandike hapa, maana wengi mnaonisoma mko huko huko vyumba vya matibabu, au mnaelekea huko.

Nilikuwa tabibu mpya kwenye zahanati moja mkoani Tanga. Bibi mwenyewe alikuwa na miaka sitini na kitu, na siku ya kwanza presha yake ilisoma 178 kwa 104. Nikamwambia arudi, tukapima tena siku nyingine akiwa amekaa na kutulia dakika tano, bado ikawa juu. Nikamwanzishia amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Baada ya mwezi akarudi, ikasoma 132 kwa 84. Nilifurahi kama mimi ndiye niliyepona. Nikamwambia kwa sauti ya ushindi, "Bibi, presha yako imeshuka!" Nikampa vidonge vingine 30, akashukuru, akaondoka.

Miezi mitatu ikapita bila kumwona. Aliporudi hakuja kwa presha, alikuja kwa goti. Nikampima tu kwa mazoea, ikasoma 186 kwa 108. Nikamwuliza dawa anakunywaje. Akafungua pindo la khanga, akatoa pakiti niliyompa. Vidonge 29.

"Bibi, mbona hukunywa?"

"Mwanangu, si wewe uliniambia imeshuka? Jirani yangu ana presha ya kushuka, akaniambia hiyo ndiyo mbaya zaidi, inakudondosha hata njiani. Nikaacha dawa yako ya kushusha. Nikawa nakunywa maji ya chumvi, ipande kidogo."

Nilikaa kimya. Bibi hakukosea hata neno moja. Mitaani kuna magonjwa mawili, presha ya kupanda na presha ya kushuka, na kila mtu anajua shangazi yake ana ipi. Kwa hiyo nilipomwambia imeshuka, hakusikia kwamba dawa imefanya kazi. Alisikia kwamba sasa ana ule ugonjwa wa pili. Akautibu kwa akili zake zote, kwa chumvi, ambayo ndiyo kitu cha kwanza ninachomkataza mtu mwenye presha ya juu.

Nilipomsimulia mkubwa wangu wa kazi alicheka, akasema wagonjwa wa huku hawaelewi. Nilipomwambia tubadilishe maneno akasema nataka kuleta Kiswahili cha sokoni kwenye huduma ya afya. Hilo bado linaniuma, nisidanganye. Huyo bibi hununua dagaa wake sokoni, na mkubwa wangu pia.

Sasa nirudi kwa swali la mwanafunzi. Shinikizo la juu la damu ni tafsiri sahihi na kamusi itakubeba. Ila mgonjwa wangu analijua shinikizo la mdai na shinikizo la wakwe. Akisikia shinikizo, akili yake inakwenda kwenye mawazo, anakuambia, "Kweli daktari, tangu mume wangu aondoke nina mawazo sana." Kuanzia hapo dawa yake ni kuacha kuwaza. Siku akiwa na raha hamezi kidonge. Niliwahi pia kujaribu kusema "damu yako imezidi nguvu", mzee mmoja akashika neno "imezidi" akaniomba nimtoe damu kidogo.

Siku hizi naanza na neno lake mwenyewe, presha, halafu nalifungua. Namwambia hivi: "Damu yako inapita kwenye mishipa kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Huwezi kuisikia, kipimo ndicho kinachoisikia." Sentensi ya pili ndiyo nzito. Wengi wanaamini presha huja na kichwa kuuma au moyo kwenda mbio, na kichwa kikiacha kuuma basi imeondoka. Na neno "kupanda" lenyewe linawasaidia kuamini hivyo, kwa sababu kitu kinachopanda leo kesho kitashuka chenyewe.

Na dawa ikifanya kazi sisemi tena imeshuka. Nasema, "Dawa imeishika presha yako. Ukiacha dawa, presha nayo itaachiwa." Kushika watu wanakuelewa, wamewahi kushika mbuzi. Nakubali haliko kwenye kitabu chochote. Na lina kasoro yake, kuna mama aliniuliza kama presha ikishikwa sana itakufa. Tulikaa naye dakika kumi.

Kwenye malaria niliumia kwa namna nyingine, kwa karatasi. Nilipewa karatasi ya dalili za hatari kwa mtoto niitafsiri ibandikwe ukutani. Nikaandika vizuri, kwa majivuno: homa, mitetemeko, uchovu mkubwa. Akina mama wakapita mbele yake miezi mingi. Siku moja mama akaniambia mtoto ametetemeka usiku kucha, nikaandika baridi ya homa. Muuguzi mmoja wa siku nyingi, mwenyeji wa pale, akainama akamwuliza, "Alipokuwa anatetemeka, ukimwita anakutazama?" Mama akasema hapana, macho yalipinda juu. Ilikuwa degedege, na malaria ya namna hiyo ni malaria kali, haitibiwi kwa vidonge vya kumeza nyumbani.

Kutetemeka kwa baridi na kutetemeka kwa degedege, kwenye karatasi yangu vyote vilikuwa neno moja. Kwa nini sikuandika degedege? Kwa sababu niliona ni neno la kienyeji. Pwani wapo wanaolihesabu kuwa jambo la shetani na la mganga, tena wapo wanaoamini sindano itamuua mtoto mwenye degedege. Nikadhani nikilikwepa neno nimeikwepa imani. Kumbe nililikwepa lile neno moja ambalo lingemfanya mama asimame asome. Siku hizi ukutani pameandikwa: "Degedege ni dalili ya malaria kali. Mlete mtoto mara moja, hata usiku." Na "uchovu" nimeufuta, pameandikwa "amelegea, ukimwita haitiki". Mtoto wa shule akitoka shambani naye amechoka, huyo hatumhitaji usiku wa manane.

Ushauri wangu basi ni huu huu, nitaurudia mpaka mnichoke: usimwulize mgonjwa kama ameelewa. Atasema ndiyo, kwa heshima, hasa akiwa mtu mzima na wewe umevaa koti jeupe. Mwulize, "Bibi, ukifika nyumbani wakikuuliza umeambiwa nini, utawaambiaje?" Halafu funga mdomo. Anachosema hapo ndicho ulichosema, hata kama hukukisema. Ningemwuliza hivyo yule bibi siku ya 132 kwa 84, angenijibu, "Nitawaambia nina presha ya kushuka," na ningelijua hapo hapo. Ni nusu dakika. Tunasema foleni ni ndefu, na foleni kweli ni ndefu, ila bibi wa vidonge 29 alirudi kwenye foleni ile ile.

Haya yote nilimwandikia yule mwanafunzi, karibu urefu huu huu. Akajibu usiku: "Ahsante kaka. Sasa kwenye mtihani niandike nini?"

Kwenye mtihani andika shinikizo la juu la damu.