Kasi ya sayari ikiwa karibu na ikiwa mbali na Jua: kwa mnaoanza mekanika

Wadogo zangu mnaoanza kidato cha tano au mwaka wa kwanza chuoni, swali hili mtakutana nalo mapema. Sayari inalizunguka Jua kwenye njia ya duaradufu. Mmepewa umbali wake inapolikaribia kabisa na inapokuwa mbali kabisa, pamoja na kasi yake katika sehemu moja. Tafuta kasi katika sehemu ya pili. Jibu ni mstari mmoja, r1v1 = r2v2. Kwenye madaftari ninayosahihisha, wengi wanaukumbuka mstari huo bila kujua umetoka wapi, na swali likigeuzwa kidogo tu wanapotea.

Uvutano unaivuta sayari kuelekea Jua moja kwa moja, hauisukumi kando hata kidogo. Kwa hiyo hauwezi kuongeza wala kupunguza momenta yake ya mzunguko kulizunguka Jua, ambayo ni L = m r v sin θ. Hapo r inapimwa kutoka kitovu cha Jua, na θ ni pembe kati ya mstari wa Jua hadi sayari na uelekeo wa mwendo. Sayari inapofika karibu kabisa, umbali umekoma kupungua na bado haujaanza kuongezeka; inapofika mbali kabisa ni kinyume chake. Nukta hizo mbili mwendo wote unakata mstari wa r kwa nyuzi 90, sin θ ni 1, na tungamo m linafutika pande zote.

Chukueni Utaridi, kwa kuwa duaradufu yake imerefuka vya kutosha tofauti kuonekana. Karibu kabisa iko kilomita milioni 46.0 kutoka kwenye Jua na inakwenda kilomita 58.98 kwa sekunde. Mbali kabisa ni kilomita milioni 69.8. Umbali umeongezeka mara 1.517, basi kasi inagawanywa kwa 1.517: inabaki 38.9. Wala hamna haja ya kugeuza kilomita kuwa mita, maana ni uwiano tu.

Sasa njooni kwenye kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Mwanafunzi hakupewa kasi yoyote, anaandika v² = GM/r kwa kila sehemu. Kwa GM ya Jua, 1.327×10^11 km³/s², anapata 53.7 karibu na 43.6 mbali. Namba zinaonekana za kuaminika, kubwa iko karibu na ndogo iko mbali. Lakini zidisheni kasi kwa umbali: 46.0 × 53.7 ni 2470, na 69.8 × 43.6 ni 3043. Hazilingani, kwa hiyo momenta haikuhifadhiwa na jibu si sahihi. Kanuni ile ni ya njia ya duara. Utaridi ikiwa karibu inakwenda kasi kuliko mwendo wa duara wa umbali huo, ndiyo maana inaanza kutoka nje. Ikiwa mbali inakwenda polepole kuliko mwendo wa duara, ndiyo maana inarudi ndani. Kama hamkupewa kasi, momenta peke yake inawapa uwiano tu. Ongezeni uhifadhi wa nishati, ½v² − GM/r ileile sehemu zote mbili, ndipo mnapata milinganyo miwili kwa kasi mbili. Mkiitatua inatoka v1² = 2GM r2 / [r1(r1 + r2)], na kwa Utaridi hiyo ni 59.0.

Kosa la pili ni kutumia r1v1 = rv mahali popote kwenye njia. Jaribuni pale Utaridi inapokuwa kilomita milioni 57.9 kutoka kwenye Jua, kwenye ncha ya mhimili mfupi. Mstari wetu ungetoa kasi ya 46.9, ilhali nishati inatoa 47.9. Iliyo sahihi ni 47.9. Mahali hapo sayari inakwenda kando na wakati huohuo inaondoka au inalisogelea Jua, kwa hiyo θ si nyuzi 90 tena. Sin θ ni 0.979, na 57.9 × 47.9 × 0.979 inarudisha 2715, karibu sawa na 46.0 × 58.98 ya mwanzo, yaani 2713. Tofauti hiyo ndogo ni ya kukadiria desimali. Swali likitaja sehemu isiyo ya karibu kabisa wala ya mbali kabisa, tafuteni pembe kwanza au anzeni na nishati.

Mkihamia kwenye setilaiti za Dunia, angalieni umbali umepimwa kutoka wapi. Kimo cha kilomita 400 na kimo cha kilomita 4000 vinashawishi mtu aandike kwamba kasi zinatofautiana mara 10. Ongezeni kwanza nusukipenyo cha Dunia, kilomita 6371: mnapata 6771 na 10371, na uwiano wa kweli ni 1.53.