Andiko la ruzuku limekuja bila jedwali la bajeti: nitoe maoni au nisubiri?

Swali: Shikamoo kaka. Kikundi cha wakulima wa parachichi kule Rungwe kimeniomba nisome andiko lao la ruzuku kabla hawajalituma kwa mfadhili. Wamenitumia faili la Google Docs. Maelezo yote yapo, lakini kila wanapoandika "tazama Jedwali Na. 3" silioni jedwali lolote la bajeti. Zimebaki siku nne na simu ya mwenyekiti haipatikani. Nitoe maoni bila bajeti, nisubiri, au niwakadirie mwenyewe? (Msomaji, Iringa mjini)

Jibu: Marahaba. Toa maoni leo hii, ila usiwakadirie. Ukiwaandikia bajeti ya kukisia wataipokea kama ilivyo kwa sababu muda umewabana, na siku mfadhili akiuliza bei ya kiriba kimoja imetoka wapi, hakuna mwanakikundi atakayekuwa na jibu.

Kwanza hakikisha jedwali kweli halimo. Google Docs siku hizi ina vichupo upande wa kushoto, na watu wengi huweka viambatisho kwenye kichupo cha pili ambacho msomaji wa simu anaweza asikione. Tazama pia kama maneno "Jedwali Na. 3" yana kiungo. Ukikibonyeza ukakutana na `You need access`, basi jedwali liko kwenye Google Sheets na wamesahau kukufungulia: bonyeza `Request access`, halafu mpigie mweka hazina. Nasema mweka hazina kwa makusudi. Katika vikundi vyetu mwenyekiti ndiye anayejulikana, lakini bajeti mara nyingi iko kwenye kompyuta ya mweka hazina, au ya kijana wake anayejua Excel. Sababu nyingine ni andiko kuanzia kwenye Word likiwa na jedwali la Excel lililopachikwa ndani. Likihamishiwa Google Docs, jedwali la namna hiyo huweza kupotea au kubaki picha.

Ipo dalili nyingine ambayo mimi huitazama mapema: jumla iliyotajwa ndani ya maelezo. Kikundi kikiandika kwamba kinaomba shilingi 59,874,500, ujue kuna mahali mtu amekaa akajumlisha, na jedwali lipo. Kikiandika 60,000,000 kamili, na hicho ndicho kiwango cha juu cha mfadhili, huenda jedwali halijawahi kutengenezwa. Usiwatuhumu. Uliza tu: "Jedwali Na. 3 limekamilika, au bado mnalifanyia kazi?" Jibu litakuambia kama siku nne zinatosha.

Wakati unasubiri, soma maelezo ukiwa na karatasi pembeni, na kila sentensi inayogharimu fedha iandike pamoja na idadi yake. Bei usiiguse. Idadi ni yao, wameitaja wenyewe, na kwa idadi peke yake unaweza kuona mengi. Nichukulie andiko la mfano linalofanana na hilo lako.

Andiko linaomba 60,000,000 kwa miezi kumi na miwili kuanzia Julai. Sehemu ya malengo inasema wakulima 200, kila mmoja apate miche 40 ya parachichi iliyobebeshwa, jumla ekari 100. Pima: miche ikipandwa mita 7 kwa 7, ekari moja inachukua kama miti 82, kwa hiyo miche 40 ni nusu ekari, na nusu ekari mara 200 ni ekari 100. Hapo wako sawa, na uwaambie wako sawa, ili wasije wakabadilisha kisichohitaji kubadilishwa. Wakulima 200 mara miche 40 ni miche 8,000. Sasa nenda sehemu ya shughuli: "Kikundi kitaanzisha kitalu cha miche 6,000." Miche 2,000 haina mahali inapotoka.

Hapo ndipo kukosekana kwa jedwali kunapouma. Ungekuwa nalo, ungejua mara moja kama hilo ni kosa au la. Pengine kuna mstari wa "ununuzi wa miche tayari 2,000" na mwandishi amesahau tu kuutaja. Pengine hakuna. Kwa hiyo usiandike "mmekosea hesabu". Andika swali linalobeba majibu yote mawili:

"Sehemu ya 2 inahitaji miche 8,000, sehemu ya 4 inasema kitalu kitatoa 6,000. Jedwali Na. 3 halimo kwenye faili nililosoma, kwa hiyo sijui kama 2,000 inanunuliwa. Kama inanunuliwa, itajeni sehemu ya 4. Kama hainunuliwi, wakulima wawe 150, au kitalu kikuzwe."

Maoni ya namna hiyo hayachakai jedwali likifika, kwa sababu lolote litakaloonekana, kikundi tayari kinajua cha kurekebisha.

Fanya vivyo hivyo na ratiba, maana kwenye kilimo ratiba nayo ni bajeti. Andiko la mfano linaanza Julai na linasema miche itapandwa mashambani Desemba, mvua zikiwa zimeshika. Kwa Nyanda za Juu Kusini mwezi wenyewe ni mzuri. Lakini mche wa parachichi, tangu mbegu iingie kwenye kiriba hadi uwe umebebeshwa na kukomaa kwenda shambani, unataka miezi tisa hadi mwaka. Julai hadi Desemba ni miezi mitano. Hivyo ama watanunua vishina vilivyokwisha kuota na wao wabebeshe tu, ama watanunua miche tayari, ama watapanda Mei mvua zikiwa ukingoni, na hapo waweke fedha ya kumwagilia kiangazi cha kwanza. Njia zote tatu zinawezekana, lakini kila moja ina bajeti yake. Ukiona baadaye kwenye jedwali "mbegu, viriba, udongo" na hakuna kingine, utajua ratiba na bajeti havikuandikwa na mtu mmoja.

Baada ya idadi, tafuta asilimia. Waandishi hupenda kuzitaja kwenye maelezo bila kujua kwamba zinawafunga. Tuseme andiko linasema nusu ya ruzuku ni ya kitalu, na asilimia 12 tu ni ya uendeshaji. Nusu ni 30,000,000. Ukigawa kwa miche 8,000, kila mche unagharimu shilingi 3,750. Ukigawa kwa 6,000 unagharimu 5,000. Huhitaji jedwali kuuliza: mche uliobebeshwa kwenye vitalu vya Tukuyu msimu huu unauzwa bei gani? Kama unauzwa chini ya hapo, mfadhili atauliza kwa nini msinunue, na andiko lijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Labda kitalu kinabaki kuwa mali ya kikundi na kitauza miche miaka ijayo. Hiyo ni hoja nzuri, lakini isemwe.

Asilimia 12 ndiyo iliyonishtua zaidi katika mfano huu. Ni 7,200,000 kwa mwaka, yaani 600,000 kwa mwezi. Maelezo yanasema kutakuwa na mratibu wa muda wote, mhasibu wa nusu muda na ofisi ya kupanga. Fedha hiyo ilipe watu wawili, kodi ya pango, umeme na vocha, pamoja na mchango wa mwajiri wa NSSF, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 ya mshahara na ambao bajeti nyingi za vikundi huusahau. Haitoshi, na huna haja ya kujua mshahara wa mratibu ili uone hilo. Waambie wapandishe asilimia kama mwongozo wa mfadhili unaruhusu, au wahamishe sehemu ya muda wa mratibu kwenye shughuli anazozisimamia moja kwa moja, au wapunguze watu. Soma mwongozo kwanza. Wafadhili wengi huweka kikomo cha uendeshaji, na huenda hiyo 12 haikuchaguliwa na kikundi.

Kwenye mafunzo, andika idadi unazotegemea kuziona. Vikundi vidogo 8 vya watu 25, siku mbili kila kimoja, ni siku 16 za mafunzo, milo 400, na kama maafisa ugani ni wawili, posho za siku 32. Siku jedwali likifika, utatafuta 400 na 32. Ukikuta 200 na 16, wamesahau siku ya pili.

Yote haya yaweke mahali panapohusika ndani ya faili, kwa njia ya maoni ya pembeni, lakini juu kabisa weka sentensi moja iliyo wazi: "Nimesoma maelezo kama yalivyokuwa tarehe fulani, Jedwali Na. 3 halikuwamo, na maoni yangu hayathibitishi bajeti." Usiiache. Nimeshaona kikundi kikimwambia mfadhili kwamba andiko limepitiwa na mtaalamu, wakati mtaalamu huyo bajeti hakuiona kwa macho.

Nikuongezee tahadhari moja, kwa kuwa ukishajulikana utaitwa pia kwenye kamati za kupima maandiko. Huko usimpigie mwombaji hata kama mnafahamiana. Mwandikie katibu wa kamati, yeye aamue kama waombaji wote wenye upungufu wapewe nafasi ya kukamilisha. Kwenye fomu, alama ya bajeti iache wazi na uandike kwamba haikuwamo kwenye faili ulilopewa. Sifuri ina maana umeiona ukaikataa.

Unapoomba jedwali, omba faili lenyewe la Excel au Google Sheets. Usikubali picha ya WhatsApp. Kwenye picha huwezi kuona jumla imepatikanaje, na kosa ninalolikuta mara kwa mara ni hili: mistari iliongezwa chini dakika za mwisho, jumla ikabaki pale pale.

```
=SUM(F5:F18)
```

Kama mistari inafika F20, miwili haijahesabiwa, na ombi zima ni dogo kuliko mahitaji. Bonyeza kisanduku cha jumla, soma fomula, hesabu mistari.

Likikufikia usiku wa mwisho, usijaribu kulisoma lote. Anza na jumla ilingane na iliyo kwenye maelezo, kisha idadi ya miche, kisha mstari wa mratibu na NSSF, kisha zile 400 na 32. Zikilingana, waruhusu watume. Zisipolingana, mwambie mweka hazina ni mstari upi na ni nambari ipi, kwa simu, kisha mwandikie.