Ulimi Unawaka Moto na Kioo Hakionyeshi Kitu: Maswali na Majibu

Daktari, ulimi wangu unawaka kama nimelamba pilipili, lakini nikiutazama kwenye kioo uko sawa. Nitumie dawa gani? (Msomaji, Morogoro)

Hakuna dawa ninayoweza kukutajia kwa maelezo hayo, na nimeshawaomba wasomaji mara nyingi wasiniandikie swali la namna hii. Niambie umri wako, dawa zote unazotumia, tatizo limeanza lini, na kama maumivu huzidi au hupungua unapokula. Wakati ukiandaa majibu hayo, usinunue chochote dukani.

Shikamoo daktari. Nina miaka 58, nimetumia metformini ya kisukari kwa miaka 9. Ulimi unawaka mwezi wa nne sasa. Nimemeza dawa za fangasi mara tatu na vidonge vya kuongeza damu, bila nafuu. Miguu ina ganzi, nikaambiwa ni sukari. Kipimo cha wingi wa damu ni kizuri. (Mama, Tanga)

Marahaba, mama. Barua yako imetaja karibu kila kitu kinachohitajika, na jambo la kwanza ninaloliona ndani yake ni metformini. Dawa hii ni nzuri na usiiache, lakini ikitumika kwa miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini B12. Ini huwa na akiba ya vitamini hiyo inayoweza kutosha kwa miaka kadhaa, ndiyo maana mtu hutumia dawa muda mrefu akiwa mzima kabisa, kisha dalili zikaanza pale akiba inapokwisha. Ngozi ya ulimi hujijenga upya haraka na huihitaji sana B12. Mishipa ya fahamu ya miguu nayo huihitaji. Ulimi unaweza kuwaka kabla haujabadilika sura, na ganzi ya miguu ikasingiziwa sukari peke yake.

Vidonge ulivyopewa vya kuongeza damu kwa kawaida huwa na madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Asidi ya foliki inaweza kurekebisha upungufu wa damu unaotokana na kukosa B12, kipimo cha wingi wa damu kikasomeka vizuri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Kwa hiyo kipimo hicho kizuri hakikuondoi kwenye hatari. Hii ndiyo sababu ninapinga tabia ya kuanza vitamini kabla ya kupima: dawa hufuta ushahidi ambao daktari angeutumia.

Nenda kliniki yako ya kisukari na uombe kipimo cha B12, picha kamili ya damu inayoonyesha pia ukubwa wa chembe nyekundu, kipimo cha ferritini kinachoonyesha akiba ya chuma, na kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita. Waeleze habari ya ganzi kabla hujaeleza ya ulimi. B12 ikiwa chini, mtu mwenye ganzi hutibiwa kwa sindano za B12 ziitwazo haidroksokobalamini, ambazo mwanzoni hupangwa karibukaribu kisha huachanishwa kwa miezi. Pale ambapo kipimo cha B12 hakipatikani, daktari anaweza kuamua kuanza sindano kwa dalili zako tu. Ulimi hupata nafuu mapema kuliko miguu. Ganzi iliyokaa muda mrefu huenda isiondoke yote. Maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa vina B12, lakini kwa hali yako chakula peke yake hakitatosha.

Kuna jambo hukuliuliza. Kama pamoja na metformini unatumia glibenklamidi, dawa nyingine ya kushusha sukari, na dawa ya fangasi uliyomeza ni flukonazoli, flukonazoli inaweza kuongeza nguvu ya glibenklamidi, sukari ikashuka hadi ukazimia. Mgonjwa wa kisukari hapaswi kumeza flukonazoli bila kumwonyesha mfamasia orodha ya dawa zake zote.

Je, fangasi ya mdomo inaweza kuwepo bila utando mweupe? (Msomaji, Mombasa)

Ndiyo. Ipo aina inayoacha wekundu tu, mara nyingi katikati ya ulimi au kwenye kaakaa chini ya meno ya bandia, na huwapata zaidi waliotoka kutumia antibiotiki, wanaovuta dawa ya pumu yenye steroidi bila kusukutua baadaye, na wanaolala na meno ya bandia mdomoni. Wekundu huo ni hafifu. Mwombe daktari wa meno auangalie kwa taa, meno ya bandia yakiwa yametolewa.

Dawa ya maji ya nistatini hufanya kazi pale inapogusa tu, kwa kuwa utumbo hauifyonzi. Wengi huimeza papo hapo kisha wanalalamika kwamba haifai. Itumie mara 4 kwa siku baada ya chakula, izungushe na uishikilie mdomoni kadiri uwezavyo, uendelee siku 2 baada ya dalili kuisha. Fangasi ikirudi tena na tena bila sababu, pima sukari na VVU.

Mdomo unakauka na kuwaka, hasa usiku. Natumia piritoni kila siku kwa mafua ya mzio, na enalaprili kwa presha. (Msomaji, Nakuru)

Piritoni hukausha mate, na kwa mate machache kinywa hukosa kinga yake dhidi ya msuguano na fangasi. Jaribu kula biskuti kavu bila maji: ikigoma kumezeka, ukavu huo ni wa kweli. Enalaprili, kwa upande wake, inaweza kwa watu wachache kuleta muwasho wa kuwaka mdomoni hata mate yakiwepo. Mwombe daktari dawa nyingine ya mzio kwanza, kisha mjadili ile ya presha, usiiache mwenyewe. Usinyonye ndimu ili kuita mate, kwa sababu asidi yake hula meno yasiyolindwa na mate. Kama macho nayo ni makavu kama yana mchanga, sema hilo hospitalini, kwa maana upo ugonjwa wa kinga ya mwili unaoshambulia tezi za mate na za machozi.

Nisugue ulimi kwa chumvi na ndimu? (Msomaji, Mwanza)

Hapana.

Nina miaka 54, nimekoma hedhi. Vipimo vyote ni vizuri lakini ncha ya ulimi inawaka tangu mwaka jana, jioni ndiyo balaa. Nikila napata nafuu. Naambiwa ni mawazo. Je, ni kansa? (Mama, Dodoma)

Maumivu ya kila siku, kwa zaidi ya saa 2 na kwa zaidi ya miezi 3, katika kinywa kisicho na kasoro na vipimo vikiwa safi, ni ugonjwa unaotambulika wa mishipa ya fahamu, na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Nyuzi ndogo za fahamu kwenye ngozi ya ulimi zimeonekana kupungua kwa wagonjwa hawa. Anayekuambia ni mawazo anakosea, ingawa wasiwasi na kukosa usingizi huyazidisha maumivu.

Dalili zako hazielekei kansa. Kansa ya ulimi kwa kawaida hukaa upande mmoja na huonekana: kidonda kisichopona kwa wiki 3, uvimbe, au baka jeupe au jekundu.

Anza kwa kubadili dawa ya meno, utafute isiyo na povu jingi wala mnanaa. Daktari bingwa anaweza kukuandikia klonazepamu ya kunyonya kwa dakika 3 kisha kutema, si kumeza. Huwasaidia baadhi, si wote, na kwa kuwa huleta uraibu haipaswi kununuliwa kiholela. Yapo pia mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, ambayo hupunguza makali ya maumivu. Huenda hali hii ikadumu miaka, na kwa wengine hufifia yenyewe. Ukianza kuhisi ganzi upande mmoja tu wa ulimi au wa kidevu, usisubiri miadi yako. Rudi hospitalini wiki hiyohiyo.