Nukuu mwanzoni mwa barua ya kuomba kazi

SWALI: Naomba kazi ya usimamizi wa ghala. Nimeshauriwa nifungue barua kwa nukuu fupi ya mtu mashuhuri ili msomaji avutike, nami nimechagua ile ya Mandela kwamba elimu ni silaha. Niiweke juu ya salamu au iwe sentensi ya kwanza? Na kuna wakati ni heri niiache?

JIBU: Iache sasa hivi, juu ya salamu na chini yake.

Nukuu yenyewe haina kasoro. Mandela aliyasema hayo katika hotuba yake ya Julai 2003 mjini Johannesburg, akizungumzia elimu. Lakini wewe unaomba ghala. Anayefungua bahasha yako anatafuta mambo mawili kabla ya mengine yote: unaomba nafasi ipi, na umewahi kufanya nini kinachofanana nayo. Ukimwekea Mandela mlangoni, unamfanya apite kwa mtu mwingine ndipo akufikie wewe.

Nimesoma barua za maombi kwa miaka mingi, na imani inayonisumbua kuliko zote ni hii ya kwamba nukuu ya mtu mkubwa humvuta msomaji. Haimvuti. Maneno mashuhuri ameshayasikia, kwa hiyo jicho lake likiona alama za kunukuu na jina kubwa linaruka hadi aya inayofuata. Kinachomsimamisha mtu ni maneno anayoyatambua kuwa yake mwenyewe, au maneno yanayomweleza mwombaji kwa namna ambayo mwombaji peke yake asingeweza kujieleza. Kwa hiyo nukuu zinazofaa kufungulia barua ya kazi ni za aina mbili tu, na hakuna hata moja inayotoka kwa mtu mashuhuri.

Ya kwanza inatoka kwenye tangazo la kazi. Tuseme tangazo ulilojibu lina sifa sita, tano za kawaida, na ya sita inataka mtu wa “kupunguza tofauti kati ya kumbukumbu na bidhaa zilizopo”. Hapo mwajiri amekuonyesha panapomuuma. Mtu haandiki hivyo mpaka daftari limemwambia ana katoni mia na rafu ikamwambia nyingine. Unaweza kufungua hivi:

“Naomba nafasi ya msimamizi wa ghala. Tangazo lenu linataka mtu wa ‘kupunguza tofauti kati ya kumbukumbu na bidhaa zilizopo’. Nilipokuwa mtunza ghala nilianza kuhesabu rafu chache kila Ijumaa badala ya kusubiri hesabu ya mwisho wa mwaka, na tofauti zikawa zinaonekana wiki ileile, hati za kupokelea mzigo zikiwa bado mezani.”

Angalia yaliyofanyika hapo. Nafasi imetajwa kwanza. Nukuu ina maneno manane, imenakiliwa kama ilivyoandikwa, na haikuachwa ikining’inia, kwa kuwa sentensi inayofuata inaijibu kwa kazi iliyofanyika. Msimamizi yeyote anajua kwa nini Ijumaa ile ina maana: tofauti ya wiki moja unaweza kuifuatilia hadi kwenye hati na mtu aliyepokea mzigo, ila ya miezi kumi huwezi. Hilo moja linakutambulisha kuliko usemi wowote kuhusu elimu. Bila shaka usiuchukue mfano wangu kama ulivyo. Kama hukuhesabu rafu kila Ijumaa, andika ulichofanya. Kama hukufanya lolote kuhusu tofauti hizo, basi usiinukuu sifa hiyo, maana utakuwa umemwonyesha mwajiri kwa kidole mahali ulipopungukiwa.

Aina ya pili ni maneno ya mtu aliyekusimamia, mathalani sentensi moja kutoka kwenye tathmini yako ya mwaka: “hakabidhi zamu kabla hajafunga daftari”. Ni nzuri sana kwa kazi yako, lakini ina masharti. Maneno yawe yameandikwa, si yale unayoyakumbuka kutoka kwenye mazungumzo. Aliyeyaandika awe ameridhia uyatumie, na awe miongoni mwa wadhamini uliowataja. Niliwahi kumpigia simu mdhamini wa mwombaji aliyefungua barua kwa sifa nzuri mno kutoka kwake. Mdhamini akaniambia hajawahi kusema hivyo, ingawa kijana mwenyewe alikuwa mchapakazi. Barua ile haikuendelea mbele, na iliangushwa na sentensi ambayo hakuna aliyeiomba.

Hata hizi mbili zina wakati wa kuachwa. Ukijaza fomu yenye kisanduku cha mistari michache, usitumie hata mstari mmoja kwa maneno ya mtu mwingine. Tangazo likikuagiza ujibu maswali fulani, anza na majibu. Na kama nukuu yako inazidi mstari mmoja, hiyo tayari ni aya ya mtu mwingine ndani ya barua yako.

Kipimo changu ni chepesi: funika nukuu kwa kidole, soma kilichobaki. Kama sentensi inayofuata inasimama bila kuyumba, nukuu haikuwa na kazi, ifute. Barua nyingi za aina yako zinaendelea na “Kwa kuyaamini maneno haya, naomba nafasi…” Funika nukuu, ukate na vile vipande vya “kwa kuyaamini”, na barua haijapoteza kitu. Nukuu ile ya tangazo ikifunikwa, hadithi ya Ijumaa haieleweki imeletwa kwa sababu gani. Methali nazo pimeni hivyohivyo. “Haba na haba hujaza kibaba” ni kweli kwa mtunza ghala, ni kweli kwa mwalimu na kwa fundi, na ndiyo sababu haimtofautishi yeyote kati yao.

Aliyekushauri huenda alikuwa na nia njema. Wapo wasio nayo, wanaouza barua zilizokwisha kuandikwa: nukuu juu, nafasi tupu ya jina, aya tatu za sifa. Hawa wananikera kwa dhati, kwa sababu wanachukua pesa za mtu asiye na kazi na kumrudishia kitu kinachomharibia. Nukuu zenyewe hawazichunguzi. Ule usemi kwamba wazimu ni kurudia jambo lilelile ukitegemea matokeo tofauti wanampa Einstein, ambaye alifariki mwaka 1955. Hakuna andiko lake wala hotuba yake ulikopatikana, na kwa maandishi ulianza kuonekana miaka ya 1980. Ule wa kuwa badiliko unalotaka kuliona duniani wanampa Gandhi, naye hakuuandika kwa maneno hayo. Mwaka 1913 aliandika jambo lenye sura hiyo kwa mbali, refu zaidi na la uangalifu zaidi. Msomaji mmoja akiyajua haya, atajiuliza ni nini kingine ndani ya barua hakikuhakikiwa, na jina lililo chini ya barua ni lako, si la muuzaji.

Ubaya zaidi ni kwamba barua moja huuzwa kwa wengi. Katika rundo la nafasi moja nimewahi kukuta barua tatu zenye nukuu ileile, koma mahali palepale na kosa lilelile la herufi kwenye jina la msemaji. Waombaji hao hawakujuana. Tuliziweka kando zote tatu, na mpaka leo sijui ni yupi kati yao aliyekuwa anajua kazi.