Wosia wa pamoja wa mume na mke: je, aliyebaki anaweza kuubadilisha?

Wanandoa wengi waliokuja katika ofisi ya mawakili niliyokuwa karani wake hapa Mombasa walitaka jambo lile lile: karatasi moja yenye sahihi mbili, kila mmoja amwachie mwenzake mali yote, na atakayebaki aje awaachie watoto. Waliamini kwamba, kwa kuwa wametia sahihi pamoja, hakuna atakayeweza kuugeuza wosia huo peke yake. Sivyo ilivyo, na katika nyumba zenye watoto wa ndoa za awali, imani hiyo huweza kuwakosesha mali watoto ambao marehemu hakukusudia kamwe kuwatupa.

Wosia wa pamoja, mbele ya sheria, ni wosia mbili zilizoandikwa kwenye karatasi moja. Mume akitangulia kufa, wosia wake ndio unaoanza kufanya kazi, na wa mke unabaki kuwa wosia wa mtu aliye hai. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kinamruhusu mwenye wosia kuufuta au kuubadilisha wakati wowote maadamu anao uwezo wa kisheria wa kuusia. Sahihi ya marehemu iliyo pembeni ya yake haimfungi.

Kinachomfunga ni makubaliano. Wosia za makubaliano huweza kuwa karatasi moja au mbili, lakini nyuma yake pana ahadi kwamba kila mmoja anamwachia mwenzake kwa sharti kuwa atakayebaki hatabadilisha mgawo wa mwisho. Kanuni hii ilitamkwa Uingereza mwaka 1769 katika kesi ya Dufour dhidi ya Pereira, ambapo mke alifaidi mali aliyoachiwa na mumewe kwa wosia wa pamoja, kisha akaandika wosia mwingine. Kwa kuwa kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kinaziruhusu mahakama zetu kufuata kanuni za usawa za Uingereza pale ambapo sheria zetu hazikusema vinginevyo, wakili wa Mombasa anaweza kuitegemea kesi hiyo hata leo.

Ifahamike vizuri kanuni hiyo inafanya nini. Haimzuii mjane kuandika wosia mpya, na wosia huo mpya ukifuata taratibu utathibitishwa kama wosia mwingine wowote. Ila mtekelezaji wake ataishika ile mali kama amana kwa ajili ya wale waliokubaliwa tangu mwanzo. Na kabla yeyote kati ya wawili hao hajafa, kila mmoja yuko huru kujitoa, mradi amjulishe mwenzake angali hai ili naye apange upya mambo yake.

Nieleze kisa kimoja, nikiwa nimegeuza mambo kadhaa ili wahusika wasitambulike. Mzee mmoja mstaafu wa Changamwe, mwenye watoto wawili wa ndoa ya kwanza, alioa mama aliyekuwa na wawili wake. Nyumba ya Changamwe ilikuwa kwa jina la mzee, na kiwanja cha Mtwapa kwa jina la mama. Wosia wao wa pamoja ulisema, "Tunaachiana mali yetu yote, na atakayebaki atawagawia watoto wetu wanne sawasawa." Mzee akafa. Watoto wake hawakupinga lolote, kwani wosia uliwataja. Hati ya usimamizi ilitolewa, miezi 6 ikapita, mahakama ikaidhinisha mgawo, na nyumba ikahamia jina la mama. Miaka michache baadaye mama akaandika wosia mpya uliowapa watoto wake wawili kila kitu.

Hapa ndipo watu wengi hawaoni shimo. Mzee alipokufa, watoto wake wangeweza kuomba fungu chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Mirathi, kwa sababu kifungu cha 29 kinawahesabu watoto wa marehemu kuwa wategemezi hata kama wamekwishajitegemea. Lakini kifungu cha 30 kinaufunga mlango huo mara mgawo unapoidhinishwa. Na mama naye akifa, wao kwake ni watoto wa kambo, ambao sheria inawatambua tu ikiwa alikuwa akiwatunza hadi kufa kwake. Kwa watu wazima wenye kazi zao, mlango huo nao umefungwa. Kimbilio pekee lililobaki ni kuthibitisha makubaliano.

Kuthibitisha si kazi nyepesi. Mwaka 1925, katika kesi ya Oldham, mahakama ya Uingereza ilikataa kuamini kwamba wosia mbili zinazofanana zinatosha peke yake kuonyesha ahadi ya kutobadilisha. Maneno "atakayebaki atawagawia" yanaweza kusomwa kama tumaini tu. Kilichowasaidia watoto wa mzee ni barua ya maagizo iliyokuwa katika faili la ofisi, ambamo wazazi wote wawili walimwandikia wakili kwamba "yeyote asije akawatoa watoto wa mwenzake." Mama aliposomewa barua hiyo alikubali kwamba nyumba igawanywe kwa wanne, na kesi haikufunguliwa. Bila barua ile sidhani kama wangepata chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuandika ndani ya wosia wenyewe mojawapo ya mambo mawili. Kama mnataka kufungana, andikeni: "Tumekubaliana kwamba baada ya mmoja wetu kufa, aliyebaki hatabadilisha mgawo wa nyumba ya Changamwe." Kama hamtaki, andikeni wazi kwamba aliyebaki yuko huru kubadilisha. Mimi hupendelea kufunga mali iliyotajwa kwa jina badala ya "mali yote", kwa sababu mjane anaweza kuishi miaka 30 baada ya mumewe, akaugua, akachuma mali yake mwenyewe. Semeni kama anaruhusiwa kuiuza nyumba apate matibabu, na fedha zikibaki ziende wapi. Msiposema, aliyebaki kwa kawaida huitumia mali kama mwenyewe, isipokuwa hawezi kuigawa zawadi kwa lengo la kuyavunja makubaliano.

Tazameni pia hati ya nyumba. Ikiwa mmesajiliwa kama wamiliki wa pamoja wasio na mafungu, fungu la marehemu linamwendea aliyebaki moja kwa moja bila kupitia wosia. Anayetaka fungu lake lifuate wosia abadilishe usajili kwanza akiwa hai.

Kwa Waislamu, ambao katika mji wetu ni wengi, mpango huu hausimami hivyo. Kifungu cha 2 cha Sheria ya Mirathi kinauacha urithi wao kwa sheria ya Kiislamu, ambayo wasia wake hauvuki theluthi moja na haumpi mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake, na mke au mume ni mrithi. Waende kwa Kadhi kabla ya kuandika lolote.

Mjane akiolewa tena, kifungu cha 19 kinaufuta wosia wake, isipokuwa kama uliandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo na mtu aliyetajwa. Makubaliano ni jambo tofauti na karatasi hiyo, lakini ni salama zaidi yaseme yenyewe kwamba yanaendelea hata baada ya ndoa mpya. Na kwa kuwa wosia wa asili hubaki katika faili la mahakama baada ya kifo cha kwanza, mimi huwashauri wanandoa waandike karatasi mbili, kila moja ikiwa na mashahidi wawili wasiopewa chochote ndani yake, na zote mbili zibebe kifungu kile kile cha makubaliano, neno kwa neno.