Jeli ya silikoni inanata kwenye shati

"Nilikatwa na kioo mkononi, nyuzi zilitolewa wiki tatu zilizopita. Jeli ya silikoni inanata kwenye shati na kovu linanyanyuka. Nakosea wapi?"

Pole sana ndugu. Kwanza kagua kama kidonda kimefunga kabisa. Kukiwa bado na gaga au unyevu, acha jeli.

Kunata ni dalili kwamba unapaka nyingi. Osha, kausha, kisha tandaza utando mwembamba sana, usubiri kama dakika tano kabla ya kuvaa shati. Fanya hivyo asubuhi na usiku kwa miezi miwili au mitatu angalau. Silikoni hufanya kazi kwa kuzuia unyevu wa ngozi usipotee, kwa hiyo kurundika hakuongezi kitu.

Kukanda hutangulia jeli: bonyeza kwa kidole gumba mpaka ngozi isogee juu ya nyama, zungusha taratibu dakika tano. Kidole kikiteleza tu juu, hujakanda. Pakiuma sana, punguza nguvu.

Juani vaa mikono mirefu, au paka losheni ya SPF 30 jeli ikishakauka, mwaka mzima, maana kovu changa huweka weusi upesi.

Kunyanyuka ndani ya mstari wa jeraha ni kawaida miezi ya mwanzo. Likivuka mstari huo na kuwasha, huenda ni keloidi. Muone daktari wa ngozi mapema, kwani sindano za steroidi husaidia zaidi kovu likiwa bado dogo.