Ukurasa wa malipo umekwama baada ya kuthibitisha: kagua haya kabla ya kulipa tena

Umejaza namba za kadi, umeingiza namba ya siri ya mara moja iliyokuja kwenye simu, umebonyeza kitufe cha kuthibitisha. Kiduara kinazunguka weee, mwishowe skrini inaandika `504 Gateway Timeout`, au inabaki nyeupe. Ujumbe huo una maana moja tu: jibu halikufika kwa wakati. Malipo yenyewe yanaweza kuwa yamekamilika, yameshindikana, au bado yako njiani. Anayelipa tena papo hapo anabahatisha ni lipi kati ya hayo matatu.

Ombi lako huanzia kwenye kivinjari, hupita seva ya muuzaji, kisha kampuni inayomchakatia malipo, kisha mtandao wa kadi, hadi benki iliyokupa kadi. Jibu hurudi kwa njia hiyohiyo, na kila kituo kina kikomo chake cha kusubiri. Seva ya Nginx, kwa mfano, mipangilio yake ya awali isipoguswa, hukaa sekunde 60 bila kusikia kitu kutoka seva iliyo nyuma yake, kisha hukuletea hiyo 504. Seva ya nyuma mara nyingi huendelea na kazi hata baada ya wewe kuona kosa, na benki ikikubali katika sekunde ya 65, fedha zako zinashikiliwa huku skrini yako ikiwa imeshakata tamaa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ulikwama wapi? Uhakiki wa mwenye kadi hutangulia, idhini ya kukata fedha hufuata. Ukurasa ukifa kabla hujaingiza namba ya siri ya mara moja, kwa kawaida benki haijaombwa fedha bado. Kule kupokea ujumbe wenye namba hiyo pekee si dalili ya kukatwa. Ukifa baada ya kuiingiza, hesabu kwamba huenda umelipa. Hali ni hiyohiyo benki isipokuuliza namba yoyote, kwa sababu kuna miamala ambayo benki huihakiki kimyakimya.

Usipakie upya ukurasa huo. Chrome ikikuonyesha dirisha la `Confirm Form Resubmission`, inakuuliza kama itume tena fomu ileile ya malipo, kataa. Usirudi kwenye kikapu na kuanza upya pia, maana hapo ndipo wengi huumia. Mifumo mizuri ya malipo huambatanisha kila jaribio na kitambulisho kiitwacho `Idempotency-Key`, ili ombi likifika mara mbili lihesabiwe moja. Lakini ukianza tena kutoka kikapuni, muuzaji hufungua oda mpya yenye kitambulisho kipya. Kwa mfumo, hayo ni manunuzi mawili halali ya mtu mmoja, na hakuna kitakachoyazuia.

Acha kichupo kilivyo. Piga picha ya skrini, andika saa na dakika, kiasi kamili, namba ya oda kama inaonekana, na tarakimu 4 za mwisho za kadi. Kisha fungua kichupo kingine, au tumia simu, ukague pande mbili.

Upande wa muuzaji, ingia kwenye orodha ya oda zako. Usitegemee barua pepe peke yake, kwani risiti inaweza kuchelewa au kuangukia kwenye barua taka. Wauzaji wengi hupokea taarifa ya malipo kwa njia mbili: moja kupitia kivinjari chako, nyingine moja kwa moja kutoka kwa kampuni inayochakata malipo kwenda kwenye seva yao. Ya kwanza ikikatika, ya pili bado inaweza kufika, na ndiyo maana oda iliyoandikwa `Pending` hugeuka kuwa `Paid` dakika chache baadaye bila wewe kugusa chochote.

Upande wa benki, tazama salio la akaunti na salio unaloweza kutumia. Idhini ya kadi hushikilia fedha kwanza. Kukatwa kwenyewe huja baadaye. Salio la akaunti linaweza kubaki vilevile huku unaloweza kutumia likipungua. Mtu anayetazama la kwanza tu huamini hajalipa.

Chukua mfano wa manunuzi ya 45,000 kutoka akaunti yenye 180,000, ukurasa ukikwama saa 8:14 mchana. Saa 8:20 oda inasema `Pending`, salio la akaunti ni 180,000, unaloweza kutumia ni 135,000. Hapo benki imeshakubali. Muuzaji ndiye hajapata habari. Kulipa tena sasa ni kosa. Wasiliana na muuzaji, mpe zile taarifa ulizoandika, na kama bidhaa ina muda wa kuhifadhiwa, kama kiti cha safari, mwombe asiiachie oda hiyo.

Ikigeuka `Paid`, kazi imekwisha. Ikigeuka `Failed` huku 45,000 bado imeshikiliwa, mwombe muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba hatazikata fedha hizo na kwamba ametuma ombi la kuziachia. Ukishalipa upya, unaloweza kutumia litashuka hadi 90,000 kwa muda. Utaona mistari miwili ya 45,000 kwenye programu ya benki, na hilo pekee bado si kukatwa mara mbili: mmoja unapaswa kufutika, pengine baada ya siku kadhaa, kwa utaratibu wa benki yako. Kama salio lako halitoshi fedha kushikiliwa mara mbili, jaribio la pili litakataliwa, basi subiri zile za kwanza ziachiwe.

Ikiwa benki haionyeshi chochote na oda haijalipwa, subiri nusu saa, kisha kagua pande zote mbili tena. Ujumbe wa benki huchelewa, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi lolote. Pande zote zikiwa bado tupu, lipa kupitia oda ileile ya zamani, kwa kitufe chake cha kulipia kama kipo.

Kubadilisha kadi au kulipa kwa njia nyingine hakukulindi. Malipo ya kwanza yakikubaliwa baadaye, utakuwa umelipa kwenye akaunti mbili tofauti, na hakuna benki hata moja kati ya hizo itakayoona marudio.

Mistari yote miwili ikishatoka kwenye orodha ya miamala inayosubiri na kuingia kwenye taarifa ya akaunti kama miamala iliyokamilika, sasa umekatwa mara mbili kweli. Anza na muuzaji, maana yeye anaweza kurejesha haraka kuliko benki. Akisema amesharejesha na huoni kitu, mwombe ile namba ya kufuatilia yenye tarakimu 23, ARN, uipeleke benki iliyokupa kadi. Kwa namba hiyo wanaweza kuutafuta muamala wenyewe. Akikataa au akikaa kimya, fungua pingamizi benki kwa sababu ya malipo yaliyojirudia. Kwa kadi za Visa sababu hiyo ina namba yake, 12.6.1, na benki ina siku 120 za kuiwasilisha, kwa hiyo usikubali kuzungushwa na muuzaji hadi siku hizo ziishe.